Bei imepanda kisha ikashuka: namna ya kujua asilimia ilikokotolewa kwa msingi upi

Bei ilikuwa 400, ikapanda hadi 500, kisha ikarudi 400. Ripoti moja inasema ilipanda kwa 25% na kushuka kwa 20%. Nyingine inasema ilipanda kwa 25% na kushuka kwa 25%. Anayesoma haraka huiamini ya pili, maana bei imerudi ilikotoka na asilimia zake zinafutana. Iliyo sahihi ni ya kwanza. Tofauti ni 100 kwenda na 100 kurudi, lakini wakati wa kupanda hiyo 100 inapimwa kwa 400 iliyokuwepo, na wakati wa kushuka inapimwa kwa 500 iliyokuwepo. Bei iliyokuwepo kabla tu ya badiliko ndiyo msingi, na bei inapopanda kisha ikashuka, msingi nao huhama katikati ya njia.

Kosa la msingi ni gumu kuliona kwa macho, kwa sababu jibu linalotoka huwa linaaminika: 25% badala ya 20%, au 12% badala ya 13.6%. Hakuna kinachoonekana cha ajabu. Kwa hiyo hapa tunaanza na kipimo kimoja kinachofanya kazi karibu kila mahali, ndipo tupite kwenye dalili na visababishi vyake.

## Kipimo: urudishe msingi uliotumika

Asilimia ya badiliko ni tofauti ya bei mbili ikigawanywa kwa msingi. Ukiwa na tofauti na ukiwa na asilimia iliyoandikwa, unaweza kuurudisha msingi ambao mwandishi aliutumia, hata kama hakuutaja:

```
msingi = (bei mpya - bei iliyotangulia) / asilimia
```

Asilimia iandike kwa desimali: 25% ni 0.25. Kama ni kushuka, tofauti na asilimia zote ni hasi, kwa hiyo msingi utatoka chanya. Ukitoka hasi, kuna ishara iliyogeuzwa mahali, na hilo lina sehemu yake hapa chini.

Chukua ile ripoti ya pili. Bei imetoka 500 ikaenda 400, tofauti ni -100, asilimia iliyoandikwa ni -25%. Gawanya -100 kwa -0.25, unapata 400. Mwandishi aligawanya kwa 400. Bei iliyotangulia ilikuwa 500, kwa hiyo msingi si wake.

Namba unayoipata ilinganishe na hizi. Ikiwa ni bei iliyotangulia, hesabu iko sawa. Ikiwa ni bei mpya, mtu amegawanya kwa mwisho badala ya mwanzo. Ikiwa ni bei ya kwanza kabisa kwenye orodha, msingi umeganda kwenye mstari wa kwanza. Ikiwa iko katikati kabisa ya bei mbili, huenda si kosa: wanauchumi wanapopima unyumbufu wa mahitaji hutumia wastani wa bei mbili kwa makusudi, ili kwenda na kurudi kutoe asilimia ileile. Kutoka 400 hadi 500 kwa njia hiyo ni 100 kwa 450, yaani 22.2%, na kurudi pia ni 22.2%. Njia hiyo ni halali mradi imetajwa. Na ikiwa msingi ni 100 kamili wakati hakuna bei yoyote ya 100, soma sehemu ya pointi.

Kipimo hiki kina mpaka, nao unatokana na kukadiria. Tuseme bei imetoka 150 ikawa 153 na ripoti inasema 2%. Tofauti ni 3, na 3 gawanya kwa 0.02 ni 150, unaridhika. Lakini 2% iliyokadiriwa kwa namba nzima inaweza kuwa chochote kati ya 1.5% na 2.5%, kwa hiyo msingi unaweza kuwa popote kati ya 120 na 200. Hata 2.0%, yenye desimali moja, inaruhusu 150 na 153 zote mbili. Mpaka upate desimali mbili, 2.00%, ndipo 153 inatoka kwenye orodha, kwa sababu 3 kwa 153 ni 1.96%. Kwa mabadiliko yaliyo chini ya 5% yaliyoandikwa kwa namba nzima, usipoteze muda kubishana: misingi yote miwili, bei iliyotangulia na bei mpya, kwa kawaida hutoa namba ileile. Badiliko likikua, pengo linakua haraka kuliko badiliko lenyewe. Kupanda kwa 10% kukigawanywa kwa bei mpya kunasomeka 9.1%, kwa 25% kunasomeka 20%, kwa 50% kunasomeka 33.3%, na kwa 100% kunasomeka 50%.

## Dalili: kushuka kunazidi 100%, au kupanda kukubwa kunasomeka kudogo

Bei imetoka 250 ikawa 100, na jedwali linasema imeshuka kwa 150%. Hapa huhitaji kipimo. Bei ikishuka kwa 100% imekuwa sifuri, na chini ya sifuri bei ya kawaida haiendi. Asilimia yoyote ya kushuka inayozidi 100 ni ushahidi kwamba kigawanyo kilikuwa kidogo kuliko bei iliyotangulia, na mara nyingi ni bei mpya: 150 kwa 100. Jibu sahihi ni 150 kwa 250, yaani 60%.

Upande wa pili ni wa kimyakimya zaidi. Bei imetoka 100 ikawa 300, yaani imekuwa mara tatu, na jedwali linasema imepanda kwa 66.7%. Mtu amegawanya 200 kwa 300. Ukigawanya kwa bei mpya, kupanda hakutafika 100% hata bei ikizidishwa mara elfu, kwa sababu tofauti daima ni ndogo kuliko bei mpya yenyewe. Kwa hiyo, ukiona orodha ndefu ambayo bei zake zimezidi mara mbili hapa na pale, lakini hakuna asilimia hata moja ya kupanda inayofika 100, safu nzima inashukiwa.

Kuna kosa la uandishi wa fomula ambalo hufanana na hili kwa mbali. Kwenye Excel, bei iliyotangulia ikiwa seli B2 na bei mpya seli B3, mtu anasahau mabano:

```
=B3-B2/B2
```

Kugawanya hufanywa kabla ya kutoa, kwa hiyo B2/B2 ni 1, na jibu ni B3 ukitoa 1. Kwa bei ya 500 linatoka 499, na seli iliyowekwa mtindo wa asilimia inaonyesha 49900%. Hili angalau linapiga kelele lenyewe. Fomula sahihi ni mojawapo ya hizi mbili, nazo hutoa jibu moja:

```
=(B3-B2)/B2
=B3/B2-1
```

Ya pili ni salama zaidi, kwa sababu haina mabano ya kusahau na msingi umetajwa mara moja tu. Mtu anayetajwa mara mbili ana nafasi mbili za kukosewa jina.

## Dalili: ishara zote zimegeuka

Jedwali linaonyesha kushuka kila mahali bei ilipopanda, na kupanda ilikoshuka. Sababu ya kawaida ni mpangilio wa tarehe. Data nyingi zinazopakuliwa huja na tarehe mpya juu na ya zamani chini. Fomula iliyo juu hudhani kwamba mstari wa juu ndio uliotangulia kwa wakati. Tarehe zikipinduliwa, B2 ni bei mpya na B3 ni ya zamani: bei iliyotoka 400 ikawa 500 inaonyeshwa kama -20%.

Mtego uko kwenye dawa anayoitumia mtu mwenye haraka. Anaona alama ya kutoa, anaweka nyingine mbele ya fomula, -20% inakuwa +20%, na anaona mambo yamenyooka. Ishara imenyooka kweli, ila msingi bado ni 500. Jibu sahihi ni 25%. Kosa lililokuwa wazi sasa limefichwa, na litapita mikononi mwa wengi kabla ya kugunduliwa.

Dawa ni kupanga tarehe kuanzia ya zamani, au kuiacha data kama ilivyo na kuandika fomula inayogawanya kwa mstari wa chini:

```
=B2/B3-1
```

Wanaotumia pandas wana mtego huohuo. Kazi ya `pct_change()` hulinganisha kila mstari na ulio juu yake bila kuangalia tarehe, kwa hiyo panga kwanza:

```
df = df.sort_values("tarehe")
df["badiliko"] = df["bei"].pct_change()
```

## Dalili: asilimia zimejumlishwa na jumla haikubaliani na bei

Hii ndiyo inayokutwa mara nyingi kuliko zote. Bei ilipanda kwa 20%, kisha ikashuka kwa 20%, na mtu anasema imerudi palepale. Haijarudi. Ilikuwa 100, ikawa 120, kisha 20% ya 120 ni 24, imebaki 96. Kila asilimia hapa ni sahihi ikisimama peke yake. Kosa ni kuzijumlisha, kwa sababu ya kwanza ni sehemu ya 100 na ya pili ni sehemu ya 120.

Asilimia za mfululizo huzidishwa. Kila badiliko ligeuze kuwa kizidishi: kupanda kwa 20% ni 1.20, kushuka kwa 20% ni 0.80. Zidisha, 1.20 × 0.80 = 0.96, yaani kushuka kwa 4%. Mpangilio haubadilishi jibu. Ishuke kwanza kisha ipande, bado ni 0.96. Ndiyo maana punguzo la 20% likifuatiwa na punguzo jingine la 10% ni 0.80 × 0.90 = 0.72, yaani punguzo la 28%, wala si 30%, na haijalishi lipi lilitangulia.

Swali la kinyume huulizwa pia: bei iliyoshuka inahitaji kupanda kwa asilimia ngapi ili irudi? Gawanya 1 kwa kizidishi, kisha toa 1. Iliyoshuka kwa 10% inahitaji 1 ÷ 0.90 - 1, yaani 11.1%. Iliyoshuka kwa 20% inahitaji 25%. Iliyoshuka kwa 50% inahitaji 100%, na iliyoshuka kwa 80% inahitaji 400%. Ukiona ripoti inasema bei "imerudi" na asilimia ya kurudi si kubwa kuliko ya kushuka, basi ama haijarudi ama msingi umekosewa.

## Kisa kizima, mstari kwa mstari

Hili ni jedwali la miezi mitano. Safu ya A ni mwezi, B ni bei, na C ni badiliko kama lilivyoandikwa na aliyelitengeneza.

| Mstari | A: mwezi | B: bei | C: badiliko lililoandikwa |
|---|---|---|---|
| 2 | wa kwanza | 400 | |
| 3 | wa pili | 500 | +25% |
| 4 | wa tatu | 440 | -15% |
| 5 | wa nne | 352 | -25% |
| 6 | wa tano | 400 | +12% |

Chini yake kuna sentensi: katika kipindi chote bei imeshuka kwa 3%. Imepatikana kwa kujumlisha safu ya C. Lakini bei ilianza 400 na imeishia 400, kwa hiyo badiliko la kipindi chote ni sifuri. Hapo tayari tunajua kuna tatizo, ila hatujui liko wapi wala ni mangapi.

Hatua ya kwanza ni kutafuta mistari iliyokosewa. Kwenye safu ya D, mstari wa 3, andika fomula hii na uivute hadi mstari wa 6:

```
=B2*(1+C3)-B3
```

Inachukua bei iliyotangulia, inaiongeza au kuipunguza kwa asilimia iliyoandikwa, kisha inatoa bei halisi. Msingi ukiwa sahihi jibu ni 0, au namba ndogo sana iliyoletwa na kukadiria. Mstari wa 3 unatoa 0. Mstari wa 4 unatoa -15, wa 5 unatoa -22, na wa 6 unatoa -5.76. Mistari mitatu kati ya minne ina kasoro.

Wengine hupenda kuanza na 400 na kuzidisha mfululizo mpaka mwisho. Inafaa kujua kama kuna kosa, lakini haifai kujua liko wapi, kwa sababu mstari mmoja ukikosea, yote iliyo chini yake inapotoka pia, hata iliyo sahihi. Fomula iliyo juu hurudi kwenye bei halisi kila mstari, ndiyo maana kila mstari unahukumiwa peke yake.

Hatua ya pili ni kuurudisha msingi wa kila mstari mbovu. Mstari wa 4: tofauti ni 440 - 500 = -60, na -60 ÷ -0.15 ni 400. Hiyo ni bei ya mwezi wa kwanza, msingi umeganda. Mstari wa 5: tofauti ni 352 - 440 = -88, na -88 ÷ -0.25 ni 352. Hiyo ni bei mpya. Mstari wa 6: tofauti ni 400 - 352 = 48, na 48 ÷ 0.12 ni 400.

Hapa kipimo kimekwama, na inafaa kukiri kwamba kimekwama badala ya kukisia. Katika mstari wa 6, 400 ni bei mpya, na ni bei ya mwezi wa kwanza pia. Namba peke yake haiwezi kusema ni ipi kati ya hizo mbili. Kama una faili lenyewe, usome fomula iliyo ndani ya seli. Kama seli za C zina fomula lakini ni ndefu au zimefichwa, badilisha B6 kwa muda iwe 440 na uangalie C6 inasomaje. Tofauti sasa ni 88. Ikisoma 22%, msingi ni bei ya mwezi wa kwanza, 88 kwa 400. Ikisoma 20%, msingi ni bei mpya, 88 kwa 440. Ikisoma 25%, fomula iko sawa, na ile 12% iliandikwa kwa mkono kwingineko kisha ikanakiliwa. Ukimaliza, rudisha 400.

Tuseme imesoma 22%. Tukiingia kwenye seli tunakuta haya:

```
C4: =(B4-B3)/$B$2
C5: =(B5-B4)/B5
C6: =(B6-B5)/$B$2
```

Alama za dola katika $B$2 hufunga seli ili isihame fomula inapovutwa. Mtu huziweka anapotaka kulinganisha kila bei na mwezi wa kwanza, na kwa kazi hiyo zinafaa. Hapa tofauti imechukuliwa kutoka mwezi uliotangulia, huku kigawanyo kikibaki mwezi wa kwanza, kwa hiyo juu na chini havizungumzii kitu kimoja. Mstari wa 3 ulinusurika kwa bahati tu: mwezi uliotangulia na mwezi wa kwanza vilikuwa seli moja. Ndiyo maana kupima mstari wa kwanza wa fomula pekee hakutoshi kamwe. Pima wa pili na wa mwisho. C5 nayo haifanani na jirani zake, dalili kwamba iliandikwa upya kwa mkono, pengine baada ya mstari kufutwa.

Kosa hili la msingi ulioganda huzaliwa pia kwa njia nyingine isiyo na alama za dola. Mtu ana safu ya badiliko kutoka mwezi wa kwanza: +25%, +10%, -12%, 0%. Anataka badiliko la mwezi kwa mwezi, anaona ni rahisi kutoa moja kwa nyingine. 10 toa 25 ni -15. 0 toa -12 ni +12. Ndizo namba za mistari ya 4 na 6. Kutoa asilimia mbili zenye msingi mmoja kunakupa pointi za asilimia zinazopimwa kwa msingi huo wa kwanza, wala hakukupi asilimia ya mwezi uliotangulia. Kwa hiyo ukikuta msingi ulioganda na fomula haina $B$2, tafuta safu ya jumla iliyokuwepo kabla.

Marekebisho ni fomula moja, `=B3/B2-1` kwenye C3, ikavutwa hadi C6. Safu inakuwa +25%, -12%, -20% na +13.6%. Ukizijumlisha unapata +6.6%, namba isiyo na maana yoyote. Ukizizidisha, 1.25 × 0.88 × 0.80 × 1.1364, unapata 1 na desimali kidogo za kukadiria. Kwa kipindi chote usipite njia hiyo ndefu. Andika `=B6/B2-1` na upate 0%.

Lipo jambo la kichwa cha safu. Bei ya 352 iko chini ya mwezi uliotangulia kwa 20%, na iko chini ya mwezi wa kwanza kwa 12%. Sentensi zote mbili ni kweli. Safu inayoitwa "badiliko" tu humlazimu msomaji kukisia. Iitwe "badiliko kutoka mwezi uliotangulia" au "badiliko kutoka mwezi wa kwanza", na kama zinahitajika zote ziwe safu mbili. Nusu ya ubishi unaohusu msingi huishia kwenye kichwa cha safu, bila hesabu yoyote kurudiwa.

## Dalili: kurudi nyuma kunatoa bei isiyokuwepo

Bidhaa baada ya punguzo la 20% inauzwa 240. Ilikuwa bei gani? Mwenye haraka anaongeza 20% ya 240, anapata 288. Jaribu kulirudia punguzo: 20% ya 288 ni 57.6, inabaki 230.4, wala si 240. Punguzo lilihesabiwa kwa bei ya zamani, kwa hiyo 240 ni 80% ya bei hiyo. Gawanya 240 kwa 0.80, upate 300.

Kodi iliyomo ndani ya bei ni kisa hichohicho kikigeuzwa. Kodi ya 20% imeongezwa kwenye bei ya 100, mnunuzi analipa 120. Anayetaka kuitoa kodi akikata 20% ya 120 anabaki na 96. Kodi ilihesabiwa kwa 100, kwa hiyo unagawanya 120 kwa 1.20. Sehemu ya kodi ndani ya bei ya 120 ni 20 kwa 120, yaani 16.7%, ingawa kiwango cha kodi kinabaki 20%.

Kanuni ya kupima ni kwenda mbele tena. Bei yoyote uliyoipata kwa kurudi nyuma, ifanyie lile badiliko la awali. Isipokurudisha kwenye bei uliyoanza nayo, ulizidisha mahali pa kugawanya.

Faida nayo hugombanisha watu bila sababu. Kitu kimenunuliwa 80, kimeuzwa 100. Faida ya 20 ni 25% ya gharama na ni 20% ya bei ya kuuzia. Hakuna aliyekosea hapo. Kosa huja mtu anapotaka faida iwe 20% ya bei ya kuuzia, kisha anazidisha gharama kwa 1.20. Anauza 96, na faida yake ya 16 ni 16.7% ya bei hiyo. Alipaswa kugawanya 80 kwa 0.80.

## Dalili: msingi uliorudishwa ni 100

Fahirisi ya bei imetoka 120 ikawa 126, na ripoti inasema imepanda kwa 6%. Gawanya 6 kwa 0.06, unapata 100. Hakuna 100 kati ya namba mbili zilizotolewa. Hiyo ni thamani ya fahirisi katika mwaka wake wa msingi, na mwandishi amesoma pointi kama asilimia. Fahirisi imepanda pointi 6, na bei zimepanda 6 kwa 120, yaani 5%. Kosa hili huongezeka kadiri fahirisi inavyokwenda mbali na mwaka wa msingi. Ilipokuwa karibu na 100, pointi na asilimia zilikaribiana, na ndipo tabia mbaya ilipoota.

Viwango navyo viko hivyo. Riba ikitoka 16% ikawa 18%, imepanda kwa pointi 2 za asilimia, au kwa 12.5% ya riba iliyokuwepo. Ukisema "imepanda 2%", aliyekusikia anaweza kuelewa imefika 16.32%. Kwa kitu ambacho chenyewe ni asilimia, andika kutoka ngapi hadi ngapi.

## Pale ambapo hakuna msingi unaofaa

Bei iliyotangulia ikiwa sifuri, Excel huonyesha `#DIV/0!`, na iko sahihi. Hakuna asilimia inayoeleza kutoka bure hadi 50. Usiifiche hitilafu hiyo kwa kuweka 0% wala 100%, kwa sababu namba hizo zitaingia kwenye wastani na kuuvuruga. Iache seli tupu na uandike bei mbili. Kwanza hakikisha sifuri ni bei ya kweli, maana mara nyingi ni mwezi uliokosa data, na seli tupu huhesabiwa kama sifuri kwenye kugawanya.

Msingi hasi ni mbaya zaidi, kwa sababu programu haitoi onyo. Bei haiwi hasi mara kwa mara, lakini faida huwa. Kutoka hasara ya 50 hadi faida ya 25, fomula inasoma 75 kwa -50, yaani -150%, kana kwamba hali imezidi kuwa mbaya. Wengine huweka thamani isiyo na ishara kwenye kigawanyo ili isomeke +150%. Ishara inapendeza, lakini namba hiyo haiwezi kuzidishwa na nyingine kwenye mfululizo. Hasara ndogo zaidi nayo ingeonekana imepanda kwa asilimia kubwa zaidi: kutoka -5 hadi 25 inasomeka +600%. Hapo andika tofauti yenyewe, 75, pamoja na namba mbili ilikotoka.